Namba ya Kifurushi na Siku za Ukimya

Programu ya kufuatilia mizigo, kama 17TRACK, haikioni kifurushi chenyewe. Husoma kumbukumbu za posta, ambazo huongezeka kila msimbopau wake unaposomwa. Namba ya posta ya kimataifa, mfano RB123456785CN, ina herufi 2 za aina ya huduma, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotoka, hapa China. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 8 zilizotangulia, ndiyo maana makosa mengi ya kuandika tarakimu hugundulika mara moja. Kifurushi kikishaondoka China, taarifa zaweza kunyamaza siku nyingi hadi kisomwe tena Dar es Salaam. Ukimya huo, ingawa unakera, si dalili ya kupotea. Cha kutiliwa shaka ni namba inayoonyesha mzigo umeshapokelewa katika mji mwingine.