Nafasi ya Maneno ya Kisarufi katika Kiainishi cha Bidhaa: Mfano wa "Kava la Simu" na "Simu na Kava"

Sehemu hii inafafanua namna kiainishi sahili cha matini kinavyofunzwa kupendekeza kategoria ya bidhaa mpya katika soko la mtandaoni kwa kutumia jina la bidhaa pekee. Hoja kuu ni kwamba, katika majina ya Kiswahili, kuondoa maneno ya kisarufi kama vile *la* na *na* kabla ya mafunzo hupoteza taarifa ambayo kiainishi kinaihitaji.

Kiainishi kinachojadiliwa hufuata kanuni ya Bayes. Huhesabu kila neno limetokea mara ngapi katika kila kategoria ya data za mafunzo, kisha huzidisha uwezekano wa maneno ya jina jipya. Kila hesabu huongezwa 1 ili neno lisilowahi kuonekana katika kategoria fulani lisifanye zao lote kuwa sifuri.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kategoria mbili, Simu na Vifaa vya Simu, zenye idadi sawa ya bidhaa. Kila moja ina jumla ya maneno 100, na msamiati wa pamoja ni maneno 50. Katika Simu, *simu* limetokea mara 20, *samsung* mara 15, na *kava* halijatokea. Katika Vifaa vya Simu, yametokea mara 13, 6 na 14 kwa mfuatano huo. Jina *kava la simu Samsung* likiondolewa *la*, kigawanyo cha kila neno ni 150 katika kategoria zote mbili, hivyo inatosha kulinganisha viasili. Simu hupata 21 × 16 × 1 = 336, na Vifaa vya Simu 14 × 7 × 15 = 1,470, yaani takribani asilimia 81 ya jumla. Pendekezo ni sahihi.

Hata hivyo, *simu Samsung na kava*, yaani simu inayouzwa pamoja na kava lake, likiondolewa *na* hubaki na maneno yaleyale matatu. Zao halibadiliki, na simu hupelekwa kwenye makava, mahali ambapo mnunuzi wa simu hataitafuta.

Suluhisho ni kubakiza maneno hayo na kuhesabu pia jozi za maneno yanayofuatana:

```
make_pipeline(
    CountVectorizer(ngram_range=(1, 2)),
    MultinomialNB())
```

Sasa *kava la* na *na kava* ni sifa mbili tofauti. Kikomo chake ni kwamba jozi hutokea kwa nadra kuliko neno moja. Data za mafunzo zisipokuwa na mifano ya kutosha ya miundo yote miwili, kosa hubaki.

Usahihi wa jumla hauwezi kulifichua kosa hili, kwa kuwa simu zenye kava ni sehemu ndogo ya data. Hudhihirika katika jedwali la mkanganyiko, kwa kusoma safu ya Simu dhidi ya safuwima ya Vifaa vya Simu. Aidha, muuzaji mmoja hurudia majina yanayokaribiana. Hivyo data hugawanywa kwa muuzaji, ili majina yake yasiwe katika mafunzo na majaribio kwa pamoja na kukuza matokeo isivyo halali.