Kodi na Tarehe Ndani ya Komiti Moja

Tuchukue programu ndogo ya ankara katika duka la vifaa vya ujenzi Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Bei za dukani tayari zina kodi ndani yake. Mteja ananunua vitu vya shilingi 11,800, na ankara inasema kodi iliyomo ni shilingi 2,124. Si sahihi. Bidhaa zenyewe ni shilingi 10,000 na kodi ni 1,800. Aliyeandika programu alikokotoa asilimia 18 ya bei ambayo tayari ilikuwa na kodi. Dawa yake ni mstari mmoja:

```
-    kodi = bei * 18 / 100
+    kodi = bei * 18 / 118
```

Mtengeneza programu anarekebisha. Akiwa bado ndani ya faili hilo hilo, anaona mambo mengine mawili. Tarehe zinaandikwa 03/04/2024, ambayo mmoja ataisoma Aprili 3 na mwingine Machi 4, kwa hiyo anazigeuza ziwe 2024-04-03. Tena mistari ya faili imepangwa ovyo, mingine imeanza baada ya nafasi mbili na mingine nne, naye anainyoosha yote. Kazi zote tatu zilihitajika. Tatizo linaanza anapozihifadhi kwa mkupuo, chini ya ujumbe mmoja: “Marekebisho ya ankara.”

Kuhifadhi huko hufanyika kwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila hatua inayohifadhiwa huitwa komiti. Inabeba hali ya mradi mzima kwa wakati ule, jina la aliyeifanya, saa na ujumbe wake, na Git huilinganisha na hatua iliyotangulia ili kuonyesha nini kimebadilika. Komiti ndiyo kipimo cha chini ambacho wengine wataweza kukisoma, kukipitisha au kukirudisha nyuma bila kuanza kukikatakata.

Wa kwanza kuumia ni mhakiki, mwenzake anayepaswa kuipitia kazi hiyo kabla haijaingia. Kwa kuwa kila mstari umesogezwa, Git inamwonyesha faili zima kama limefutwa na kuandikwa upya. Badiliko la 100 kuwa 118 limo humo, limezama kati ya mamia ya mistari ambayo tofauti yake ni nafasi tupu. Anaweza kujisaidia kwa `git diff -w`, amri inayopuuza nafasi, lakini hata hapo kodi na tarehe zimechanganyika. Akili yake inatakiwa kuuliza maswali mawili yasiyohusiana kwa wakati mmoja: hesabu hii ni sahihi? Na je, kuna sehemu nyingine inayotegemea tarehe ya zamani? Swali la pili ndilo lililopaswa kumsumbua. Kwa uchovu wa kusoma mistari iliyonyooshwa, hakuliuliza.

Mwisho wa mwezi ripoti ya mauzo inakataa kutoka. Ilikuwa ikiipasua tarehe kwenye alama ya mkwaju ili kupata siku, mwezi na mwaka, na sasa mkwaju haupo tena. Mwenye duka anataka ripoti leo. Njia ya haraka na salama ni kutengua badiliko lililoleta balaa:

```
git revert 4f2a91c
```

Amri hii haifuti historia. Inafanya kama mhasibu anayegundua ingizo baya kwenye daftari: halikwaruzi, anaandika ingizo la pili la kulibatilisha, na yote mawili yanabaki yakionekana. Lakini `git revert` hutengua komiti nzima. Tarehe za zamani zinarudi na ripoti inatoka, ila kodi ya 2,124 nayo imerudi kwenye ankara za wateja. Mwenye duka amewekwa mahali pa kuchagua kati ya ripoti isiyotoka na kodi ya uongo, ilhali mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote isipokuwa kwamba yalihifadhiwa siku moja.

Kama zingekuwa komiti tatu, ile ya tarehe ingetenguliwa peke yake. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko hesabu yoyote ya mistari. Kabla ya kuhifadhi, jiulize: nikilazimika kurudisha hili nyuma, je, ningetaka lile libaki? Ukijibu ndiyo, hizo ni komiti mbili. Dalili nyingine iko kwenye ujumbe wenyewe. Ukiona huwezi kuueleza bila “na pia”, au ukakimbilia neno la jumla kama “marekebisho”, kuna mambo mawili ndani yake.

Kutenganisha si lazima kukuzuie kurekebisha unachokiona njiani. Fanya yote, kisha yagawe wakati wa kuhifadhi. Amri ya `git add -p` inakupitisha kwenye mabadiliko kipande kwa kipande. Unabonyeza `y` kukichukua, `n` kukiacha, na `s` kukigawa kipande kikubwa. Chukua ya kodi tu, yakague kwa `git diff --staged`, hifadhi, kisha rudi kuchukua ya tarehe. Kuna mtego mmoja hapa. Ulipoijaribu programu, mabadiliko yote yalikuwamo kwa pamoja. Kile kipande cha kodi peke yake hujawahi kukiendesha, na huenda kinategemea kitu ulichokiacha nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kuhifadhi, weka kando yaliyobaki kwa `git stash --keep-index`, fanya majaribio, ndipo uhifadhi.

Hapo ndipo penye mpaka wa upande wa pili, maana komiti inaweza pia kuwa ndogo kupita kiasi. Ukibadilisha jina la kazi fulani ndani ya msimbo, sehemu zote zinazoiita zibadilishwe kwenye komiti hiyo hiyo, hata kama zimo kwenye mafaili 20, la sivyo programu itavunjika katikati. Jaribio linalothibitisha hesabu ya kodi nalo likae pamoja na hesabu yenyewe. Miongozo ya Linux inawataka wachangiaji watatue tatizo moja kwa kila badiliko, na papo hapo inadai mfumo uweze kujengwa na kufanya kazi baada ya kila hatua. Sababu mojawapo ni `git bisect`, amri inayotafuta komiti iliyoleta hitilafu kwa kuigawa historia nusu kwa nusu. Kati ya komiti 1,000, majaribio kama 10 yanatosha kuifikia. Ikikuangukia kwenye komiti isiyoendesheka, huwezi kujua kama hitilafu imo au haimo. Ikikuangukia kwenye ile ya “Marekebisho ya ankara”, umepata komiti, lakini bado una faili zima la kupekua.

Hata komiti iliyotenganishwa vizuri ina mambo isiyoyaweza. Kama wengine wameshaigusa mistari ile ile baadaye, `git revert` itasimama na kukutaka uamue mwenyewe kipi kibaki. Tena inatengua msimbo tu. Ankara zilizokwisha kuhifadhiwa kwa tarehe za mtindo mpya zitabaki hivyo kwenye hifadhidata, na ripoti itazikwama tena. Kuzisahihisha ni kazi nyingine, nayo inastahili komiti yake.