Kodi ya Shamba: Kulipwa Mwanzo wa Mwaka, Mwisho wa Mwaka, au Makadamia Ikianza Kuzaa

Baadhi ya wakazi wa Meru na Embu hukodisha mashamba kwa wakulima wa makadamia. Mche hukaa miaka minne hivi, au zaidi, kabla ya kutoa mavuno ya maana, kwa hiyo mkodishaji huomba aanze kulipa baadaye, tena kwa kiwango cha juu. Je, mwenye shamba anapata au anapoteza?

Tuseme ekari moja inakodishwa kwa miaka 10 kwa Sh40,000 kila mwaka, na pesa zako zikiwekwa kwenye sacco hupata riba ya asilimia 10. Kwa riba hiyo, Sh40,000 utakazolipwa baada ya mwaka mmoja leo zina thamani ya Sh36,364, yaani 40,000 ukigawa kwa 1.1. Za mwaka wa pili unagawa kwa 1.1 mara mbili, na kuendelea hivyo. Ukijumlisha malipo yote 10 yanayokuja mwisho wa mwaka, thamani yake ya leo ni Sh245,783.

Yakilipwa mwanzo wa mwaka, kila lipo linafika mwaka mmoja mapema, kwa hiyo zidisha jumla hiyo kwa 1.1 tu: Sh270,361. Tofauti ni karibu Sh24,600, na kodi yenyewe haijaongezwa hata shilingi.

Sasa mkodishaji anasema: “Miaka minne ya kwanza sitalipa, kisha nitalipa Sh75,000 kwa miaka sita.” Jumla ni Sh450,000, nayo inapita Sh400,000 za mpango wa kwanza. Wengi hutia sahihi hapo.

Hesabu malipo hayo sita kana kwamba unasimama mwisho wa mwaka wa nne. Yakija mwisho wa kila mwaka, hapo yana thamani ya Sh326,645. Kisha rudi nyuma miaka minne, ukigawa kwa 1.1 mara nne: Sh223,103. Hiyo ni pungufu ya Sh22,680 kuliko zile Sh40,000 za kila mwisho wa mwaka. Hapa watu hukosea kwa kugawa mara tano, kwa sababu lipo la kwanza linakuja mwisho wa mwaka wa tano. Lakini mwaka huo wa tano umeshahesabiwa ndani ya Sh326,645.

Maneno “kuanzia mwaka wa tano” pia yana utata. Malipo yakianza mwanzo wa mwaka huo, thamani inapanda hadi Sh245,413. Mkataba uandike tarehe ya lipo la kwanza. Ardhi ya kilimo ikikodishwa, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi inahitajika pia, la sivyo makubaliano ni batili.

Riba ikiwa juu ya asilimia 10, kungoja kunakugharimu zaidi. Nayo hesabu hii haijagusa hatari ya mkodishaji kuondoka miti ikikataa kuzaa, kabla hujapokea chochote.