Karatasi na Kalamu Zilizoibadilisha

Mwaka 105, ofisa wa ikulu ya Uchina aliyeitwa Cai Lun alimweleza mfalme wake namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu za kuvulia samaki. Vitabu vingi humwita mvumbuzi. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vipande vya karatasi vilivyomtangulia kwa zaidi ya karne moja, kwa hiyo sifa anayostahili ni ya mtu aliyeiboresha kazi iliyokwisha kuanza.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Malighafi hulowekwa na kutwangwa mpaka nyuzi ziachane, kisha hukorogwa kwenye maji mengi. Fundi huzamisha chekecheke bapa, huliinua taratibu huku akilitikisa, maji yakachuruzika na kuacha utando wa nyuzi zilizoshikana. Utando ukikamuliwa na kukaushwa, karatasi imepatikana.

Waliyoibeba kuelekea magharibi ni watawa wa Kibudha na wafanyabiashara, hasa Wasogdia wa Samarkand. Mwaka 1907, mtafiti Aurel Stein aliokota barua zao karibu na Dunhuang, zilizoandikwa kwenye karatasi mwanzoni mwa karne ya 4. Mojawapo ni ya mwanamke aitwaye Miwnay, aliyetelekezwa ugenini bila fedha, na mumewe anaambiwa makavu.

Barua hizo zinaitia doa hadithi inayopendwa sana: kwamba Waarabu walijifunza ufundi huu kwa mateka wa Kichina waliokamatwa vitani Talas mwaka 751. Hadithi hiyo iliandikwa karne kadhaa baadaye. Du Huan, Mchina aliyetekwa kwenye vita hivyo na kurudi kwao, aliwataja wafumaji na wachoraji wa Kichina aliowakuta ugenini, wala hakutaja mtengeneza karatasi hata mmoja. Huenda Samarkand waliijua kazi hiyo muda mrefu kabla ya vita.

Mwishoni mwa karne ya 8 karatasi ilikuwa inatengenezwa Baghdad, na serikali ya Haruni Rashidi ilikuwa na sababu ya kuipenda. Maandishi kwenye ngozi yanaweza kukwanguliwa na mengine yakaandikwa juu yake. Kwenye karatasi wino hupenya ndani, hivyo anayeghushi hati ya kodi huacha kidonda kinachoonekana.

Ila karatasi ya Kichina haikuwafaa makarani hao ilivyokuwa. Wachina waliandika kwa brashi laini, iliyopita juu ya karatasi nyororo bila kuiumiza. Karani wa Baghdad alitumia kalamu ya tete iliyochongwa ncha kali, na kalamu hiyo kwenye karatasi laini huchimba, hunasa nyuzi, na wino hutambaa. Mafundi wakaipaka karatasi uji wa wanga, wakaiacha ikauke, kisha wakaisugua kwa jiwe mpaka ing'ae. Malighafi nayo ikabadilika: matambara ya kitani na kamba kuukuu zikashika nafasi ya magome.

Kutoka Baghdad ufundi ulifika Dameski, Kairo na Fez, na kufikia karne ya 12 mji wa Shatiba, Uhispania ya Waislamu, ulikuwa unasifika kwa karatasi yake. Ulaya ya Kikristo haikuiamini upesi. Mwaka 1231 Mfalme Frederick wa Pili, aliyetawala Sisilia, alipiga marufuku hati za umma kuandikwa kwenye karatasi akitaka ziandikwe kwenye ngozi, kwa kuwa karatasi iliharibika mapema. Wanga, uliofaa nchi kavu, huvuta ukungu na wadudu penye unyevu.

Dawa ilipatikana Fabriano, Italia, katika karne ya 13. Badala ya wanga, mafundi wa huko walizamisha karatasi kwenye gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na kwato za wanyama. Ikawa ngumu, ikastahimili unyevu na makali ya kalamu ya unyoya. Matambara yalitwangwa kwa michi iliyoendeshwa na nguvu za mto, na kila kiwanda kikaweka alama yake ndani ya karatasi, inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga.

Bei ikashuka, na biashara ikageuka njia. Mwaka 1409, mwanachuoni Ibn Marzuq wa Tlemcen, Afrika Kaskazini, aliulizwa kama Mwislamu anaruhusiwa kuandikia karatasi ya Wazungu yenye alama za msalaba. Akajibu kwamba inafaa, kwa kuwa jina la Mungu likiandikwa juu yake huifunika batili iliyo chini. Karatasi ya Italia iliendelea kuuzwa nchi za Waislamu kwa karne nyingi, na ilifika mpaka pwani ya Waswahili: Kurani zilizonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ziliandikwa kwenye karatasi iliyotoka Ulaya.