Ngozi ngumu, moyo laini: Kwa nini shafti nene ilimlaghai fundi Litein

Kule Kericho na Bomet, shafti ya kiwanda cha chai ikikatika msimu wa mavuno, majani mabichi hayakungoji. Yanachacha yakiwa kwenye magunia, na hasara ni ya mkulima.

Kuna fundi wa jua kali Litein aliyeletewa kazi kama hiyo. Alinunua chuma cha EN8 chenye unene wa milimita 75, akakichonga, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, kisha akakitumbukiza majini. Alipopitisha tupa juu yake, iliteleza tu. Akasema, "Hiki ni kigumu kabisa." Miezi michache baadaye, shafti ikaliwa pale kwenye beringi. Walipoikata, tupa iliteleza pembeni, lakini katikati ikala chuma kama kawaida.

Si unajua chuma chekundu kina kaboni iliyoyeyuka ndani yake? Kikipoa haraka, kaboni hunaswa kabla ya kujitenga, na chuma kinakuwa kigumu. Kikipoa polepole, kaboni inapata muda wa kujitenga, na chuma kinabaki laini. Maji hupoza ngozi upesi, lakini joto la katikati lazima lisafiri milimita 37 kabla ya kutoka. Hapo ndipo EN8 hushindwa.

Miaka ya 1930, Mmarekani Walter Jominy na wenzake walibuni njia ya kupima jambo hili. Kipande cha upana wa milimita 25 na urefu wa 100 hupashwa moto, kinaning'inizwa wima, na maji yanarushwa kutoka chini yagonge ncha moja pekee. Ncha hupoa mara moja; kadiri unavyopanda, ndivyo inavyopoa polepole. Kisha ugumu hupimwa hatua kwa hatua.

EN8 huanza ikiwa ngumu, kisha hushuka vibaya ndani ya milimita chache. EN24, yenye nikeli, kromi na molibdeni, huanza karibu sawa, kwa kuwa kaboni zao zinakaribiana. Tofauti ni kuwa inabaki ngumu mbali sana na maji. Madini hayo huchelewesha kaboni kujitenga, hivyo hata katikati inayopoa polepole inaganda ikiwa ngumu. Ndiyo maana EN24 hutumbukizwa kwenye oili, maji yangeipasua.

Lakini usidanganyike: ikitoka kwenye oili huwa ngumu ila inavunjika kirahisi. Lazima ipashwe moto tena, wa kiasi, ndipo ishike kazi.

Mimi niliacha chuo kabla ya somo hili, lakini tupa ilinifundisha. Kabla ya kufunga shafti nene, omba kipande cha chuma kilekile, chenye unene uleule, kilichopitia moto uleule. Kikate katikati huku ukikimwagia maji, maana joto la kukata hulainisha. Kisha pitisha tupa toka ukingoni hadi moyoni. Ikianza kula, umejua.