Ombi la Mteja Limefika Wapi?

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anatumia programu ya simu kuandika mauzo na madeni yake. Siku moja anawaandikia waliomuuzia programu hiyo: "Naomba wadaiwa wangu watumiwe meseji siku ya kulipa ikifika. Mimi nasahau, na wao wanajisahaulisha." Anajibiwa kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Miezi inapita. Akiuliza tena, jibu ni lilelile, na wala anayemjibu hakusudii kumdanganya. Hana pa kutazama. Ombi limo katika WhatsApp ya ofisi, kazi imo katika orodha ya mafundi wa programu, na kinachounganisha viwili hivyo ni kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye huenda wiki hiyo yuko likizo.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila anayetengeneza programu za wateja ataitambua hali hiyo, na tukiufuata tutaona mahali jibu la kweli linapopotelea.

Ombi na kazi ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kinahitaji kumbukumbu yake. Ombi ni shida ya mtu, kwa hiyo liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, likiwa na tarehe na namba ya toleo la programu analotumia. Kazi ni badiliko litakalofanywa ndani ya programu, nayo huandikwa kwa lugha ya mafundi. Kisha kila ombi hutaja namba za kazi zinazolihusu, na kila kazi hutaja namba za maombi yanayoisubiri. Bila kutajana huko kwa pande zote mbili, fundi anayemaliza kazi hajui nani wa kuambiwa.

Ugumu unaanza maombi yanapofanana. Tuseme mwenye duka la dawa naye ameandika: "Wadaiwa wakumbushwe, ila kwa WhatsApp, maana bando tayari nalilipia." Muuza mitumba yeye ameomba kila Jumamosi aone orodha ya wanaodaiwa ili awapigie mwenyewe. Mhudumu mwenye haraka huyaweka yote matatu chini ya kichwa kimoja, "ukumbusho wa madeni", na kuyafunga kwenye kazi moja. Ofisini inaonekana ni unadhifu. Lakini mafundi wakiketi kuyachambua, wanagundua kwamba ombi la vifaa vya ujenzi lina kazi tatu ndani yake: kuongeza nafasi ya tarehe ya kulipa kwenye kumbukumbu ya deni, kutuma meseji kupitia kampuni ya kusambaza meseji, na kuzizuia meseji hizo deni likishalipwa. Muuza mitumba anahitaji ile ya kwanza tu, pamoja na orodha. Ombi la WhatsApp haliguswi na hata moja kati ya hizo. Yakibaki yamefungwa pamoja, siku meseji zitakapoanza kutumwa watu watatu wataambiwa kwamba walichoomba kimekamilika, ilhali aliyepata alichoomba ni mmoja.

Sababu ya kosa hilo kutokea kirahisi ni kwamba zana za mafundi hufunga kazi zenyewe. Katika GitHub, fundi anayeandika maneno kama haya kwenye maelezo ya badiliko lake

```
Fixes #214
```

huifanya kazi namba 214 ifungwe papo hapo badiliko linapoingizwa kwenye tawi kuu la programu. Kwa fundi hiyo ni sahihi, maana amemaliza. Kwa mwenye duka hakuna kilichobadilika, kwa sababu programu iliyo kwenye simu yake ni ileile ya jana. Ofisi ikiunganisha kufungwa kwa kazi moja kwa moja na ujumbe wa "tayari", basi imejijengea mtambo wa kusema uongo.

Wajenzi wa Debian, mfumo huria wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, walikutana na tatizo hili zamani na suluhisho lao linafaa kuigwa. Kwao, ombi la kitu kipya huingia katika daftari lilelile la hitilafu, likiwa na alama ya `wishlist`. Linapofungwa, aliyeliomba hutumiwa barua pepe inayoeleza lilivyofungwa. Jambo la thamani zaidi ni kwamba daftari huandika pia limetimizwa katika toleo lipi. Hivyo ombi moja linaweza kuwa limekwisha kwa anayetumia toleo jipya, na bado likawa wazi kwa aliyebaki na la zamani.

Namba hiyo ya toleo ndiyo inayomwokoa mhudumu wetu, kwa sababu hata programu kutolewa dukani si kumfikia mteja. Apple ina utaratibu ambao mtengenezaji anaweza kuuchagua, wa kusambaza toleo jipya kwa siku 7: siku ya kwanza masasisho ya moja kwa moja huwafikia asilimia 1 ya watumiaji, kisha asilimia 2, 5, 10, 20, 50, hadi wote. Google Play nayo inamruhusu mtengenezaji kuanza na sehemu ndogo ya watumiaji. Ongeza wale waliozima masasisho ili kulinda bando. Kwa hiyo ujumbe wa kweli ni huu: "Meseji za kukumbusha zimo katika toleo 4.6. Simu yako bado ina 4.4. Ukisasisha utaziona chini ya Madeni."

Kabla ya kufika hapo, hali ya ombi isomwe kutoka kwenye kazi iliyo nyuma zaidi kati ya zote zilizounganishwa nalo. Kazi mbili zikiwa zimekwisha na ile ya kuzuia meseji haijaanza, ombi halijakamilika, na mwenye duka aambiwe hivyo, pamoja na kilichobaki. Neno "linatengenezwa" nalo litumike pale tu ambapo kazi ina mtu aliyepewa na anaishughulikia kweli. Kazi isiyo na mwenyewe, au ambayo haijaguswa kwa wiki kadhaa, irudishwe kwenye "tumeamua kulifanya, halijaanza". Wakuu wengi hawapendi kurudisha hali nyuma, wakiona ni kukiri kushindwa. Mimi naona ndiyo sehemu ya kumbukumbu hizi inayompa mteja kitu cha kupangia: akijua halijaanza, atanunua daftari la madeni leo badala ya kungoja.

Njia nyepesi ya kupima kama mfumo unasema kweli ni kuchukua maombi machache yaliyoandikwa "yamekamilika" na kuwapigia waliyoyaleta: je, ulichoomba unakitumia? Mtu akijibu kwamba hakioni, tafuta kwanza toleo la simu yake, kisha angalia kama kazi ilipunguzwa njiani bila ombi kurekebishwa.

Amebaki mwenye duka la dawa. Wahudumu wengi humwacha kwenye "tunalifikiria" kwa sababu kusema hapana kunatia aibu. Lakini mafundi wameshajua la kumwambia. Programu ya biashara ikitaka kumtumia mtu ujumbe wa WhatsApp wakati mtu huyo hajaiandikia ndani ya saa 24 zilizopita, lazima itumie ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa mapema, na ujumbe huo hulipiwa; bando la mwenye duka haliugharimii. Basi aandikiwe: "Dada, ombi lako la tarehe 3 Machi hatutalifanya mwaka huu. Tulitazama kama WhatsApp ingekupunguzia gharama, tukaona kila ujumbe ungelipiwa kando na bando lako. Tumeliunganisha ombi lako na kazi ya orodha ya Jumamosi, ambayo haijaanza. Kama orodha hiyo haikufai, tuambie tukuondoe."