Kwa nini gemu hukwama ukichomoa chaja

Gemu ilikuwa inateleza. Umeme ukakatika, kompyuta mpakato ikaendelea kwa betri, lakini picha zikaanza kukwama. Mashine haijaharibika; imejibana yenyewe.

Tuchukue mfano. Chaja ina wati 230. Gemu ikikolea, kadi ya picha hula wati 115, prosesa 45, na skrini pamoja na vinginevyo 20. Jumla ni wati 180. Betri ya wati-saa 90 ikitoa kiasi hicho ingekauka kwa nusu saa. Kabla ya hapo seli zingepata moto na volti yake ingeshuka, hata mashine ikazimika ghafla. Ndiyo maana mtengenezaji huweka kikomo cha utoaji. Tuseme ni wati 80: kadi ya picha itabaki na 40 hivi.

Kuchagua "Best performance" kwenye Windows hakuondoi kikomo hicho, kwa sababu kimewekwa ndani ya mashine yenyewe, chini ya Windows.

Chaja ndogo ya USB-C ya wati 100 huleta hali ileile. Dalili yake ni asilimia ya betri kushuka ilhali waya umechomekwa.

Kwa kadi ya NVIDIA, hakikisha gemu ikiwa inaendelea:

```
nvidia-smi
```

Linganisha wati ukiwa na chaja na bila chaja. Zikirudi juu kwa chaja kubwa, usimpelekee fundi mashine. Tafuta chaja yenye wati zake kamili.